Umepandishwa cheo? Isome barua yote kabla ya kusaini

Barua ya kupandishwa cheo ikifika nyumbani, kila mtu huitafuta sehemu yake. Watoto wanataka kujua mama ataitwa nani sasa. Mume anatafuta mshahara. Mama mkwe akisikia kwenye simu, anashukuru Mungu na kuuliza ujenzi utaanza lini. Aya ya tatu, ile inayoeleza unachotarajiwa kufanya, husomwa mwisho, tena kwa haraka. Mimi naamini ndiyo inayoamua kama nyumba itanufaika.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha sabuni jijini Dar es Salaam. Kwa miaka minane nilikuwa opereta wa mashine ya kufungasha. Mwaka jana nilipewa barua ya kuwa Msimamizi wa Zamu, na watu 14 chini yangu. Ilikuwa ukurasa mmoja wenye mambo matatu: cheo kipya, mshahara wa shilingi 750,000 kwa mwezi kutoka 585,000, na majukumu. Chini kulikuwa na mstari wa kusaini na ombi la kuirudisha ndani ya siku tatu.

Ongezeko la 165,000 si dogo kwa familia yenye mtoto darasa la nne na mwingine wa miaka mitatu anayeshinda kituo cha kulelea watoto. Mume wangu ni mlinzi, anafanya kazi kwa zamu. Alipoiona ile tarakimu alisema, "Mama watoto, hii si ya kufikiria mara mbili." Nikamwambia tuifikirie mara moja tu, lakini kwa kalamu.

Tarakimu ambayo haikuandikwa

Barua ililinganisha mshahara wa zamani na mpya. Haikusema neno juu ya ovataimu, na mimi nilikuwa siishi kwa 585,000. Niliishi kwa 585,000 pamoja na saa za ziada.

Nikatoa hati zangu za mshahara za miezi 12. Mwezi mmoja pekee haukutosha, kwa sababu kazi yetu ina misimu. Kuna mwezi nilipata saa 48 za ziada, na kuna mwezi wa mvua nilipata saa 8. Nilipojumlisha zote na kugawa kwa 12, nikapata wastani wa saa 30 kwa mwezi.

Thamani ya saa moja hupatikana hivi. Wiki ya kawaida ya kazi ina saa 45, na mwezi unahesabiwa kuwa na wiki 4.333, kwa hiyo mwezi una saa 195. Mshahara wa 585,000 ukigawa kwa 195 unapata 3,000 kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Hiyo ni 4,500. Zidisha kwa saa 30, unapata 135,000.

Kwa hiyo kwa wastani nilikuwa napata 720,000 kabla ya makato, na barua ilikuwa inanipa 750,000. Lile ongezeko la 165,000 likabaki 30,000, ikiwa ovataimu itaondoka.

Je, itaondoka? Barua haikusema. Ilisema tu kwamba "utaripoti kwa uongozi", na maneno hayo matatu yana uzito mkubwa. Sheria inamwondoa kwenye kanuni za saa za kazi na ovataimu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa mtumishi wa menejimenti ya juu. Masharti yote mawili lazima yawepo. Na menejimenti ya juu haimaanishi kila mwenye ofisi na kiyoyozi. Ni mtu anayetunga sera za mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi.

Hivyo msimamizi wa zamu anayeripoti kwa msimamizi mwingine mdogo bado anaweza kuwa na haki ya ovataimu, hata kama cheo chake kinasikika kikubwa. Akiambiwa "wewe sasa ni menejimenti, ovataimu huna", swali la kuuliza ni moja: naripoti kwa nani kwa cheo, na huyo ana mamlaka gani? Jibu linatakiwa liandikwe kwenye barua.

Mkononi inabaki ngapi

Mshahara wa kwenye barua si mshahara wa kwenye simu baada ya makato. Kwetu kiwandani makato makubwa ni mawili: asilimia 10 ya NSSF, kisha kodi ya mapato, ile ya Lipa Kadri Unavyopata, inayopigwa kwenye kinachobaki baada ya NSSF. Kodi hiyo inapanda kwa ngazi. Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 inakatwa asilimia 8, ambayo kwa ngazi nzima inakuwa 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 inakatwa asilimia 20 ya kilichozidi. Zipo ngazi mbili zaidi juu yake, za asilimia 25 na 30, ambazo sikuzifikia.

Kwa mapato yangu ya zamani ya 720,000, NSSF ilichukua 72,000, ikabaki 648,000. Kodi ikawa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya 128,000, yaani 45,600. Mkononi nilipata 602,400.

Kwa 750,000 ya barua, NSSF ingechukua 75,000, ikabaki 675,000. Kodi ingekuwa 51,000. Mkononi 624,000.

Tofauti ni 21,600 kwa mwezi. Mume wangu aliihesabu tena mwenyewe kwenye simu, akapata ileile, akakaa kimya kidogo. Mwenye mkopo wa elimu ya juu aongeze mstari mmoja hapo: bodi ya mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na msingi ukipanda, makato nayo yanapanda mwezi huohuo.

Tusiwe wepesi wa kulaumu, maana upande wa pili wa mizani una kitu. Ovataimu haina ahadi. Mwezi wa mvua inaweza kuwa saa 8 tena, wakati mshahara wa msingi hautikisiki. Halafu mambo mengine yanahesabiwa kwa msingi peke yake. Mfano ni kiinua mgongo ambacho sheria inataka mwajiri alipe pale anapositisha ajira bila kosa la mfanyakazi: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa miaka yangu minane hizo ni siku 56. Kwa msingi wa zamani siku moja ilikuwa 22,500, jumla 1,260,000. Kwa msingi mpya siku moja ni kama 28,846, jumla inafika kama 1,615,000. Ovataimu haingii humo.

Ndiyo maana nilitaka pia kujua kama ile 750,000 ni mshahara wa msingi au ni jumla yenye posho ndani yake. Barua ilisema "mshahara" tu. Kuna mahali mtu anapewa tarakimu nzuri, na hati ya mshahara ikitoka anaona msingi ni uleule wa zamani na kilichoongezwa ni posho, ambayo inaweza kufutwa kwa tangazo la ubaoni.

Aya ya tatu: saa za nyumbani

Majukumu yaliandikwa kwa mistari mitano. Wa kwanza ulisema nitafika nusu saa kabla ya zamu ili kupokea taarifa, na nitabaki hadi makabidhiano yakamilike. Zamu yetu inaanza saa 1:00 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri. Nilimuuliza msimamizi niliyekuwa napokea nafasi yake makabidhiano huchukua muda gani. Akasema, "Dada yangu, siku njema ni saa nzima. Siku mashine imeharibika, usiulize."

Nusu saa asubuhi na saa moja jioni ni saa moja na nusu kwa siku. Kwa siku 26 ni saa 39 kwa mwezi. Zamani nilikuwa nafanya saa 30 za ziada, kwa hiyo ningeongeza saa 9 na kupata 21,600 zaidi mkononi. Hiyo ni 2,400 kwa saa, wakati saa yangu moja ya ovataimu ilikuwa inaniachia 3,240 baada ya makato.

Tofauti hiyo ya fedha haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kwamba saa zile za zamani nilizichagua. Kwa sheria, ovataimu ni ya makubaliano. Nilikuwa nachukua siku ambazo mume wangu yuko nyumbani, akamfuate mtoto kituoni na kumsimamia kaka yake daftari. Mtoto akiwa na homa, nilikataa na hakuna aliyeninunia. Saa mpya hazichaguliwi. Zipo kila siku, awepo baba nyumbani au asiwepo.

Kituo cha mtoto kinafunga saa 10:30 jioni. Kuanzia hapo mama mwenye kituo anatoza 1,500 kwa siku kwa mtoto anayechelewa kuchukuliwa. Kutoka kiwandani saa 10:30 na kupanda daladala hadi Gongo la Mboto, nisingewahi. Tulihesabu siku ambazo mume wangu angekuwa kazini jioni, tukapata kama 16 kwa mwezi. Hizo ni 24,000. Ongezeko lote la 21,600 linaishia kituoni na tunadaiwa 2,400 juu yake. Hapo sijataja vocha ya kuwapigia watu 14 wasiofika kazini.

Kwenye aya hiyohiyo kulikuwa na mstari mwingine: "Utawajibika kwa hasara yoyote itakayotokea katika zamu yako." Kwa mtu mwenye mashine nne na ghala la katoni, neno "yoyote" linatisha. Sheria inaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe maelezo ya maandishi ya chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyopigwa hesabu. Apewe nafasi ya kuyapinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato ya jumla yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Msimamizi si bima ya kiwanda. Kama forklifti ya zamu nyingine imegonga katoni usiku, hilo si kosa langu kwa sababu tu jina langu liko ubaoni asubuhi.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa miezi sita ya matazamio katika nafasi mpya. Ni jambo la kawaida. Lakini haikusema nikishindwa narudi wapi. Narudi kwenye mashine yangu kwa mshahara wangu wa zamani, au ndiyo nimetoka kabisa? Tena kuna shoga yangu, kwenye kampuni nyingine, alikubali cheo mwezi wa kwanza huku mshahara mpya ukisubiri "kuthibitishwa". Matazamio yalirefushwa mara mbili. Alifanya kazi ya bosi kwa mshahara wa karani karibu mwaka mzima, na barua aliyosaini ilikuwa imeruhusu.

Jibu la ukurasa mmoja

Sikukataa cheo. Nilikitaka, na nilijua ninakiweza. Nilichoandika ni barua fupi ya shukrani yenye maombi, nikaipeleka siku ya pili mimi mwenyewe kwa ofisa utumishi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Niliomba barua iseme mambo haya: kwamba 750,000 ni mshahara wa msingi, na unaanza tarehe ileile ya kuanza cheo, kwamba naripoti kwa nani kwa cheo chake, na kama ovataimu inakoma, fidia yake ni nini, kwamba uwajibikaji wa hasara utafuata sheria, na kwamba nisipothibitishwa narudi kwenye nafasi na mshahara wangu wa awali. Nikaambatisha karatasi ya hesabu: wastani wa saa 30 kutoka hati zao wenyewe, na makadirio ya saa 39 za makabidhiano. Sikuandika neno juu ya ada ya kituo cha mtoto. Hiyo ni hesabu ya nyumbani kwangu na mwajiri haimhusu. Saa zinamhusu.

Ofisa utumishi aliisoma nikiwa nimekaa pale. Akasema, "Mama, wenzako huwa wanasaini tu." Nikamjibu kwa heshima kwamba na mimi nitasaini, ila ningependa wote tuwe tunasoma kitu kimoja. Sheria iko upande wa ombi hilo: masharti ya kazi yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri anatakiwa kuyarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Siku tatu za kusaini zikasogezwa hadi wiki mbili.

Barua ya pili ilikuja na majibu, si yote niliyoyataka. Ilithibitisha kuwa 750,000 ni msingi. Ilisema naripoti kwa meneja mkuu wa kiwanda, ambaye kwetu ndiye anayesaini makubaliano na chama cha wafanyakazi, kwa hiyo ovataimu ilikoma kihalali. Badala yake wakaweka posho ya usimamizi ya 60,000 kwa mwezi na vocha ya simu. Niliomba hiyo 60,000 iingie kwenye msingi, wakakataa. Neno "yoyote" kwenye hasara likafutwa, ikaandikwa "kwa mujibu wa sheria". Kurudi kwenye nafasi ya awali kukaandikwa.

Tukakaa tena na kalamu. Jumla ikawa 810,000. NSSF 81,000, ikabaki 729,000. Kodi 61,800. Mkononi 667,200, ambayo ni 64,800 zaidi ya zamani. Toa 24,000 za kituo, zinabaki 40,800. Si ile 165,000 tuliyoishangilia jikoni, lakini ni fedha ambayo ipo kweli, na tuliipangia kazi tukijua ukubwa wake: masomo ya ziada ya mkubwa kuelekea upimaji wa darasa la nne, na kinachobaki kinaenda kwenye kikundi cha kuweka akiba.

Jioni ndizo zilizohitaji mazungumzo marefu kuliko fedha. Mume wangu aliomba kwa mwajiri wake zamu zake zipangwe kwa wiki nzima badala ya siku kwa siku, ili tujue mapema nani anamfuata mtoto. Ratiba hiyo tunaibandika kwenye mlango wa friji. Mwanangu mkubwa ndiye anayeikagua, na ndiye anayetukumbusha.

Ukipata barua ya namna hii, au mwenzako akiileta nyumbani, anzeni na hati za mshahara za miezi 12 kabla ya kuwapigia ndugu. Tafuteni wastani wa mnachopata kwa kweli, ovataimu na posho zikiwemo. Piga makato kwenye tarakimu mpya. Hesabu saa za aya ya majukumu kwa kumuuliza mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, maana barua haitakuambia makabidhiano yanachukua muda gani. Kisha angalieni nani atakuwa nyumbani katika saa hizo. Tofauti ikibaki ya kuridhisha, saini. Isipobaki, mna karatasi ya kupeleka kwa ofisa utumishi, na karatasi yenye hesabu zao wenyewe ni ngumu kuipuuza.

Na nakala yenye muhuri iwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Yangu iko humo.